Hodi mlangoni kwa baba

*Shikamoo dada. Baba yetu ana miaka 79, ni mjane tangu 2019. Anakaa kwenye nyumba ya kulea wazee hapa Birmingham, na ameanza ugonjwa wa kusahau, dimenshia, baada ya kiharusi kidogo. Wiki iliyopita meneja alinipigia simu: mhudumu wa usiku aliingia chumbani akamkuta amelala na mama mmoja Mjamaika wa chumba cha jirani, wote hawana nguo. LPA ya baba, yaani hati ya kuamua kwa niaba yake, ninayo mimi. Kaka yangu aliye Dubai anataka mama huyo ahamishwe, na tuweke kamera ndani ya saa ya ukutani. Sisi ni Waislamu, watu wa Tanga. Naona haya hata kumtazama baba usoni. Nina haki gani ya kulizuia jambo hili?*

Marahaba, mdogo wangu. Haki ya kulizuia huna. Unayo haki nyingine, nayo ni kubwa: kuhakikisha kwamba baba na mama yule wanalitaka jambo lenyewe, na kwamba kila mmoja anaelewa anachokitaka. Nimefanya kazi ya uuguzi kwenye nyumba za wazee huku Uingereza miaka mingi, na karibu kila familia iliyonijia na kisa kama chako ilianza kwenye kuzuia. Zile zilizohamia kwenye kuhakikisha ndizo zilizobaki na mzazi wao.

Tuanze na hiyo LPA, maana ndiyo mnayoitegemea wewe na kaka yako. Hati hiyo ya uwakili, kwa upande wa afya na maisha ya baba, inaanza kufanya kazi pale tu ambapo baba mwenyewe hawezi kuamua jambo husika. Halafu kuna mambo ambayo haiyagusi kabisa. Sheria ya Uwezo wa Kuamua ya 2005, inayotumika England na Wales, katika kifungu cha 27 inasema hakuna mtu anayeweza kuridhia ndoa au tendo la ndoa kwa niaba ya mwingine. Mtoto hawezi, wakili hawezi, halmashauri haiwezi, na jaji hawezi. Ikiwa baba ana uwezo wa kuamua jambo hili, "hapana" yako haina uzito wowote. Ikiwa hana, "ndiyo" ya mtu mwingine haiwezi kuingia mahali pake. Hapo ni wajibu wa nyumba kumlinda yeye na mama yule. Kwa hiyo swali lote linasimama juu ya uwezo wake, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Watu wengi, wakiwemo wahudumu wazoefu, husikia neno dimenshia wakadhani jibu limeshapatikana. Sheria inaanza upande wa pili: mtu mzima anahesabiwa ana uwezo mpaka ithibitishwe kwamba hana, na kufanya uamuzi ambao wengine wanauona si wa busara hakumwondolei uwezo huo. Tena uwezo hupimwa kwa jambo moja na kwa wakati mmoja. Baba anaweza kushindwa kabisa kusimamia akaunti ya benki, asikumbuke kama amekula chakula cha mchana, na bado akawa na uwezo wa kuamua ni nani wa kulala naye kitandani. Mambo anayotakiwa kuyaelewa si mengi. Aelewe tendo lenyewe ni nini. Aelewe kwamba anaweza kukataa, na anaweza kubadili mawazo katikati. Aelewe kwamba yapo maradhi yanayoambukizwa kwa njia hiyo na kwamba kondomu hupunguza hatari. Na aelewe kwamba mwenzake naye lazima awe anataka, na awe na akili ya kutaka. Hili la mwisho lilikaziwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2021, nami nashukuru, kwa sababu kabla ya hapo upimaji mwingi ulimwangalia mtu mmoja kana kwamba kitandani yuko peke yake.

Kukumbuka kunakohitajika ni kwa muda wa kutosha kuamua tu. Asubuhi akiwa amesahau ya usiku, hilo peke yake si dalili kwamba hakuridhia.

Sasa fikiria jinsi baba yako atakavyopimwa. Dimenshia inayofuata kiharusi haishuki taratibu kama mteremko. Hushuka kwa ngazi, na kwa wengi hubadilika siku hadi siku. Wewe unazijua saa zake nzuri. Kama ni asubuhi baada ya chai, omba apimwe saa hizo, akiwa amevaa miwani na kifaa cha masikio kama anacho, wala si jioni akiwa amechoka na anauliza basi la kwenda Pangani linaondoka saa ngapi. Na omba mkalimani wa Kiswahili. Wazee wengi wenye dimenshia, hata walioishi huku miaka arobaini, hurudi kwenye lugha ya utotoni wakati Kiingereza kinapoanza kukatika. Mkalimani huyo usiwe wewe, asiwe kaka yako, na asiwe mtu anayeswali msikiti mmoja na baba. Mwanamume mzima, mgeni kwake, ndiye afadhali.

Kuna jambo hapa ambalo wapimaji wa Kiingereza hawalijui, na wewe unaweza kuwasaidia. Lugha yetu inayafunika mambo ya chumbani. Mpimaji akiuliza kama baba alilala na mama yule, na mkalimani akasema "ulilala naye?", mzee atajibu "ndiyo, nililala," na huenda anamaanisha usingizi. Akiulizwa kwa maneno makavu ya kitabuni, ataona ametukanwa, atanyamaza, na ukimya wake utaandikwa kuwa ni kutoelewa. Nimeliona faili la mzee mmoja limeandikwa hivyo, kumbe alikuwa anaona haya tu mbele ya msichana wa umri wa mjukuu wake. Mkalimani na mpimaji wanapaswa kukubaliana maneno kabla hawajaingia chumbani: waseme "mambo ya mume na mke", halafu wahakikishe kwa swali la pili kwamba wote wanazungumza kitu kimoja.

Swali jingine ninalokusihi liulizwe ni hili: baba anamchukulia mama huyu kuwa nani? Mzee wa Kitanga anaweza kusema "huyu bibi yangu" akimaanisha "huyu ndiye ninayempenda," na anaweza kusema maneno hayohayo akiamini kabisa kwamba ndiye marehemu mama yenu. Tofauti ni kubwa mno. Ikiwa anamjua kuwa ni mtu mwingine, hata kama jina lake linamponyoka, huyo amemchagua. Ikiwa anadhani ni mama yenu amerudi, basi hakumridhia mtu huyu aliye mbele yake, na nyumba inapaswa kusimamisha tendo hilo, ingawa kukaa pamoja na kushikana mikono kunaweza kuendelea kwa uangalizi. Namna ya kujua ni maswali ya kawaida, yasiyo ya mtego. Mkeo alikuwa anaitwa nani? Yuko wapi sasa? Na huyu bibi wa hapa, mlijuana wapi? Mtu anayejibu kwamba mkewe alifariki, na huyu walijuana mezani wakati wa chai, amejibu vya kutosha.

Upande wa mama yule una uzito uleule, na hapo baba yako anaweza kuwa ndiye tishio. Najua ni vigumu kuusikia. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2003 inamlinda mtu ambaye maradhi ya akili yanamzuia kukataa, hata kama hakupiga kelele wala kupigana. Faili lake huruhusiwi kuliona, na meneja hapaswi kukueleza yaliyomo. Lakini unaweza kuuliza, naye anaweza kujibu, kama pande zote mbili zimepimwa au ni upande mmoja tu. Ikiwa umepimwa mmoja, kazi haijaisha.

Huku mkisubiri vipimo, tumia macho yako. Siku ukienda, waangalie wakiwa sebuleni. Mtu anayetaka mwenzake humtafuta kwa macho anapoingia, humvutia kiti, hula vizuri zaidi, usingizi wake hutulia. Mtu anayelazimishwa hukataa ghafla kwenda chumba cha kulia, hushtuka akiguswa wakati wa kuogeshwa, hujikunja, huomba mlango ufungwe, au hupata michubuko ya mapajani na mikononi ambayo hakuna aliyeandika sababu yake. Dalili hizi zikionekana kwa yeyote kati yao, usingoje kikao. Mwambie meneja siku hiyohiyo na utake taarifa iende kwenye kitengo cha ulinzi wa watu wazima cha halmashauri. Kama meneja anasitasita, piga simu halmashauri wewe mwenyewe.

Lipo pia suala la mabadiliko ya ghafla. Ikiwa baba hakuwa na hamu hizi kabisa, kisha ndani ya wiki mbili akawa anamgusa kila mtu, wahudumu wakiwemo, hayo si mapenzi, na aonwe na daktari. Maambukizi ya mkojo yanaweza kumvuruga mzee akili kwa siku chache. Dawa fulani za ugonjwa wa Pakinsoni huamsha hamu isiyozuilika. Dimenshia inayoshika sehemu ya mbele ya ubongo huondoa haya. Lakini mzee aliyemchagua mtu mmoja, akamfuata huyo huyo, wengine akawaacha, kwa kawaida si mgonjwa wa jambo hilo.

Sasa nirudi kwenye simu uliyopigiwa. Je, baba aliulizwa kabla meneja hajakupigia? Kama anao uwezo wa kuamua, habari ya nani alikuwa kitandani mwake ni siri yake, kama ilivyo siri yako wewe. Ukikutana na meneja, muulize hilo kwa upole. Simlaumu kwa haraka, huenda aliogopa msikie kwa njia nyingine, lakini ni vizuri ajue kwamba binti mwenyewe ndiye anayetaka siri ya baba ilindwe. Neno hilo likitoka kwa familia, wahudumu hubadilika. Wengi wao huingilia kwa kuogopa watoto wa mzee kuliko kwa kuogopa jambo lenyewe.

Na yule mhudumu wa usiku aliingiaje? Hapa nikiri langu. Miaka yangu ya mwanzo, kwenye nyumba moja ambayo sitaitaja, nilikuwa na karatasi ya ukaguzi: kila baada ya saa mbili fungua mlango, mulika, weka alama. Nilifungua nikawakuta mzee na bibi mmoja wamelala ubavu kwa ubavu, mkono wa bibi juu ya kifua chake. Hawakuwa wakifanya lolote. Nilisema kwa sauti ya kushtuka, wenzangu wakaja, taa ikawashwa. Asubuhi ikaandikwa kuwa ni "tukio". Watoto wa bibi walimhamishia mji mwingine ndani ya juma moja. Mzee hakuuliza chochote. Aliacha kwenda mezani, nguo zikaanza kumpwaya, na sisi tukaandika kwamba hamu ya kula imepungua na tukamwongezea maziwa ya kopo. Hakuna aliyeandika sababu, nami niliijua.

Tangu siku ile nimewasomesha wahudumu hodi. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa faragha na mtu. Tunaiacha tu tunapofika kwa mgonjwa. Unabisha hodi, unangoja "karibu", usipoitikiwa unabisha tena, mara ya tatu unarudi ulikotoka. Na kwa kuwa umetaja dini, isome tena Suratun Nur, aya ya 58 na ya 59. Zinataja nyakati tatu ambazo hata watumishi na watoto wadogo waombe ruhusa kabla ya kuingia: kabla ya swala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri mnapovua nguo, na baada ya isha. Kisha zinasema watoto wakibaleghe waombe ruhusa kama wakubwa wao walivyoomba. Wewe umebaleghe zamani, mdogo wangu, na chumba kile ni nyumba ya baba yako.

Kwa hiyo nyakati hizo zigeuze kuwa utaratibu wa nyumba. Mpango wa huduma wa baba unaweza kuandikwa kwamba baada ya isha mlango haufunguliwi mpaka saa fulani isipokuwa akibonyeza kengele, au isipokuwa kengele ya hatari ikilia. Kama hana kifafa, haanguki mara kwa mara, na anajigeuza mwenyewe kitandani, ukaguzi wa kila saa mbili huenda hauna sababu ya kitabibu, ni mazoea. Kama sababu ipo, kuna mkeka wa kengele unaowekwa chini kando ya kitanda, unaomjulisha mhudumu mzee akishuka, bila mtu kuchungulia. Uliza pia kama mlango wake una kitasa anachoweza kukifunga kwa ndani na wahudumu wakakifungua kwa nje wakati wa dharura. Uliza upana wa kitanda. Vitanda vya nyumba hizi ni vya mtu mmoja, na watu wawili wa umri huo kwenye kitanda kimoja chembamba ni watu wawili wanaoweza kuanguka na kuvunjika nyonga. Mara nyingi kitanda kipana huwezekana kama familia haikatai kulipia.

Kamera, mwambie kaka yako hapana. Baba akiwa na uwezo, hakuna kamera chumbani mwake bila ruhusa yake, na saa ya ukutani maana yake ni kwamba hamtamwomba. Halafu kamera hiyo itampiga picha mwanamke wa watu akiwa uchi, mwanamke asiye wa familia yenu, ambaye hakujua wala hakukubali. Watoto wake wakigundua, kesi itakuwa juu yenu. Na hata ikiwa mna wasiwasi wa kweli kwamba baba anadhulumiwa, hilo hupelekwa halmashauri, wala halitafutwi na mtoto anayemwangalia baba yake kitandani kupitia simu akiwa Dubai.

Kumhamisha mama yule nako si juu yenu. Kile ni chumba chake. Kumhamisha baba, ikiwa ana uwezo na hataki, hamwezi. Ikiwa hana uwezo, LPA yako inakuruhusu kuamua makazi kwa manufaa yake, na manufaa yake yanahesabu pia furaha yake na anachokitaka, si usalama tu. Mkipingana na nyumba au na halmashauri, uamuzi huishia Mahakama ya Ulinzi, ambako jaji ataanza na swali hilohilo: yeye mwenyewe anataka nini?

Kisa cha wazi ninachokipenda kimetoka Marekani. Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi ile, alistaafu kwa ajili ya kumuuguza mumewe John aliyekuwa na ugonjwa wa Alzaima. Mwaka 2007, akiwa kwenye nyumba ya wazee Phoenix, John alimpenda mgonjwa mwenzake, akawa anakaa naye wameshikana mikono. Mtoto wao alieleza hadharani kwamba baba yake alikuwa na huzuni mno alipoingia pale, na baada ya kumpata mama yule alitulia, na kwamba mama yao alifurahi kumwona ametulia. Mkewe alikuwa hai, anamtembelea, anawakuta wamekaa pamoja. Ninyi mama yenu amekwisha kutangulia, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Najua bado kuna neno zinaa kichwani mwako, nami silipuuzi. Lakini hesabu hiyo ni ya baba. Kama alikuwa mtu wa swala na sasa akili inampa nafasi, huenda mwenyewe linamsumbua, na huenda angependa kuoa. Hilo linawezekana. Nikahi inayofungwa na sheikh hapa England, bila kuandikishwa serikalini, ni ndoa mbele ya dini lakini si ndoa mbele ya sheria ya nchi. Ikiandikishwa serikalini, mambo mawili hubadilika: mke anakuwa mrithi, na, kwa sheria ilivyo sasa hapa England na Wales, wasia wowote baba aliouandika kabla ya ndoa hiyo hufutika, isipokuwa uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo. Nakwambia wazi kwa sababu nimekaa kwenye vikao vingi vya familia ambako kinachosemwa ni dini na heshima, na kinachohofiwa ni nyumba ya marehemu mama. Kama hofu hiyo ipo kwa kaka yako, itoeni mezani na mwone mwanasheria wa mirathi. Ina dawa yake, na dawa hiyo haihitaji kumtenganisha baba na mtu.

Kwa upande wa mwili, baba amepata kiharusi, kwa hiyo daktari wake wa familia aulizwe, na aulizwe na baba au na muuguzi, si na wewe. Kwa kipimo cha kawaida, mtu anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuumwa kifua wala kukosa pumzi, moyo wake unamudu. Hatari kubwa iko kwenye vidonge. Sildenafili, ile Viagra, tangu 2018 inauzwa huku kwenye maduka ya dawa bila cheti cha daktari, baada ya maswali ya mfamasia, na wazee huletewa na rafiki bila hata maswali hayo. Mtu anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya moyo, pamoja na ile ya kupuliza chini ya ulimi, akichanganya na kidonge hicho presha yake inaweza kuporomoka ghafla akafa. Mwambie muuguzi mkuu aangalie orodha ya dawa za baba kwa jicho hilo, na wahudumu wajue kwamba akiumwa kifua usiku, kabla ya kumpa naitreti waulize kama amemeza kidonge hicho. Mama yule, kwa umri wake, atahitaji kilainishi cha maji, maana ukavu baada ya kukoma hedhi huleta michubuko na maambukizi ya mkojo. Mafuta ya kawaida hayafai, huharibu kondomu za mpira. Na wapimwe maradhi ya zinaa wote wawili, Ukimwi na kaswende vikiwemo. Wazee huacha kondomu kwa sababu hakuna mimba ya kuogopa.

Huenda pia hakuna tendo lenyewe. Tendo huwa dogo kuliko mnavyolifikiria. Mzee anayeishi kwenye nyumba hizi anaguswa mara kumi kwa siku, na karibu mara zote anaguswa na mkono uliovaa glavu, unaomfuta, unaomgeuza, unaomvalisha. Wengi wanaovua nguo na kulala pamoja wanatafuta ngozi ya mtu.

Nani azungumze na baba? Si wewe, wala si kaka yako. Kwetu mambo ya chumbani mtoto hayasemi na mzazi, na hiyo si kasoro ya kurekebishwa mkiwa Birmingham. Tafuta rafiki wa rika lake, au mtani, au muuguzi wa kiume anayemwamini. Wewe kaa na haya yako kwa adabu. Baba naye anazo zake, na kila mmoja akijua kwamba mwenzake hatalitaja, mtaweza kutazamana tena.

Kwenye kikao na meneja, omba haya yaandikwe: tarehe ya upimaji wa uwezo kwa jambo hili peke yake, jina la mpimaji na la mkalimani, utaratibu wa mlango baada ya isha, ni mambo gani familia itaarifiwa na yapi hayatoki chumbani, na lini vipimo vitarudiwa, kwa sababu ngazi nyingine ya ugonjwa itakuja na jibu linaweza kubadilika. Miezi mitatu ni muda wa kufaa, au mapema zaidi kama kuna badiliko. Uliza pia kama nyumba ina sera ya maandishi kuhusu mapenzi ya wakazi. Tume inayokagua ubora wa nyumba hizi, ile CQC, ilitoa mwongozo wa jambo hili mwaka 2019, kwa hiyo meneja hawezi kusema ni mapya.

Jumapili ukienda, piga simu kabla useme utafika baada ya alasiri. Beba visheti vya watu wawili. Mlangoni bisha hodi, ungoje. Akichelewa kuitika, kaa kwenye kiti cha korido mpaka aitike.